UZI: Dona mpya kutoka Makambako kwa wenye maduka ya jumla, bei, oda ya chini na namna ya kupata sampuli

Kinu Makambako

Wakuu habari za asubuhi. Wengi humu mnanijua kwa sembe, mwaka wa nne sasa nasambaza Njombe, Mafinga, Iringa na Mbeya. Kuanzia mwezi huu tumeongeza dona na ndio sababu ya uzi huu, maana maswali yananijia kwenye inboksi moja moja na najikuta naandika kitu kilekile mara kumi.

Bei ziko hivi, ni bei za kuchukulia kiwandani Makambako. Mfuko wa kilo 25 ukichukua kuanzia mifuko 20 mpaka 39 ni 21,000. Kuanzia 40, ambayo ni tani moja, mpaka 199 ni 20,500. Kuanzia 200 kwenda juu ni 20,000. Chini ya mifuko 20 siuzi kwa bei ya jumla, hapo unakuwa mteja wa dukani kama wengine. Tuna pia mfuko wa nje wenye pakiti tano za kilo 5, huo ongeza 1,000 kwenye kila bei niliyotaja sababu ya vifungashio. Na tuna wa pakiti 12 za kilo 2, bei sawa na ule wa kilo 5, ila angalieni huo ni kilo 24 sio 25, nasema mapema asije mtu akasema nimempunja.

Usafiri, ukiagiza 40 na kuendelea nakuletea Njombe mjini, Mafinga, Iringa na Mbeya kwa 700 kila mfuko, Tunduma 1,000. Chini ya 40 tafuta usafiri wako, magari ya kurudi matupu yanapita hapa kila siku.

Kitu kikubwa ambacho naomba kieleweke ni kwamba dona SIIWEKI STOO. Sembe yangu ukija saa yoyote unapakia, dona nasaga kwa oda. Ukilipa nusu Jumatatu au Jumanne tunasaga Jumatano, unga unalala unapoa, Alhamisi tunafungasha, Ijumaa unapakiwa na unamalizia hela iliyobaki. Risiti ya EFD unapewa. Mali kauli kwenye dona hakuna, hata kwa wateja wangu wa zamani.

Sampuli ni bure kwa mwenye duka la jumla, pakiti mbili za nusu kilo, unalipia tu kifurushi cha basi ukipokea. Moja pika siku hiyohiyo, nyingine weka stoo kwako wiki tatu halafu ndo uipike. Karibuni maswali

Mama Jumla Mwanjelwa

Kaka hongera kwa kuongeza mzigo ila hapo kwenye mali kauli umenishtua. Sembe yako nachukua mali kauli, nalipa Jumatatu, sijawahi kukusumbua hata siku moja. Sasa dona ambayo ndo ngeni na sijui kama itatoka unataka hela mkononi, nusu kabla hata hujasaga? Bidhaa mpya ndo inatakiwa umpe mtu aijaribu taratibu.

Kinu Makambako

Dada yangu wewe ni mlipaji mzuri na sio siri. Tatizo mali kauli inamfanya mtu achukue mzigo mwingi maana hela haijamtoka. Sembe ikikaa kwako miezi miwili haina neno, dona ikikaa miezi miwili unaniita nije nibebe. Ukiwa umelipa utachukua unachoweza kutoa. Ndo maana ya sampuli na ndo maana oda ya chini nimeishusha mpaka 20, kwa sembe unajua mwenyewe huwa naanzia 40.

Bwana Stoo

Mkuu mbona unatisha watu, dona inaharibika kwa sababu ya maji tu. Mahindi yakikaushwa vizuri ukasaga makavu dona inakaa miezi sita kama sembe, shida yenu wasagaji mnanunua mahindi mabichi mwezi wa sita mnasaga fasta halafu mnasema dona haikai. Anika mahindi mpaka ukiyang'ata yapasuke kwa mlio, utaniambia.

Vwawa Mkulima

habari mkuu mi niko Vwawa nina gunia 60 za mahindi meupe safi hayajatobolewa, mnanunua bei gani na mnafuata wenyewe au nilete

Mzee wa Ubora

Bwana Stoo uko sahihi nusu, na hiyo nusu ni ya muhimu. Mahindi yenye maji mengi yakisagwa unga unaota ukungu na kushikana mabonge, hilo halina ubishi. Mahindi yasizidi asilimia 13.5 ya unyevu kabla ya kusagwa, na kung'ata kwa meno kunakwambia kama yamekauka lakini hakukwambii ni 13 au 15.

Nusu nyingine umeiacha. Punje ya hindi ina kiini, na mafuta ya hindi karibu yote yamo humo. Kwenye sembe unakoboa, kile kiini kinaondoka na pumba, ndio maana pumba ya mahindi ukiishika mkononi ina utelezi kidogo na ng'ombe wanaipenda. Dona unasaga punje nzima, kiini kinavunjwa na mafuta yanatapakaa kwenye unga wote yanakutana na hewa. Kuanzia dakika hiyo yanaanza kuchacha, hata kama unga umekauka kama jivu. Punje ikiwa nzima mafuta yamejifungia ndani na inakaa mwaka mzima. Kwa hiyo ukikausha vizuri utaepuka ukungu ila hutaepuka uchungu.

Nimefanya kazi ya kupima ubora kwenye viwanda vya unga miaka mingi, sijaona dona ya kusaga kawaida iliyofika miezi sita ikiwa bado na ladha yake.

Bwana Stoo

Sawa mzee nimekuelewa ila bibi yangu Ludewa alikuwa anasaga debe zima na linaliwa mpaka linaisha hakuna aliyelalamika uchungu

Mama Jumla Mwanjelwa

Debe la bibi na nyumba ya watu tisa linaisha wiki ya tatu Bwana Stoo, tusidanganyane 😂 Mi nauliza la kwangu. Kwa wiki natoa sembe mifuko kama 60, yako na ya wengine. Dona watu wanaulizia sana siku hizi, wengine wameambiwa hospitali mambo ya sukari, wengine ni mama lishe wanasema inashibisha. Sasa nikiangalia bei ya 20,000 kwa mifuko 200 inanivutia, mtaji ninao, stoo ninayo. Kwa nini nisichukue 200 mara moja nikamaliza kazi?

Kinu Makambako

Dada nakujibu kama ndugu sio kama muuzaji, maana kama muuzaji ningesema ndio lete hela.

Tuchukulie kwenye kila mifuko minne ya sembe unauza mmoja wa dona, na hapo nimekadiria juu kwa bidhaa mpya. Mifuko 60 ya sembe inakupa dona 15 kwa wiki. Ukichukua 40 inaisha kabla wiki tatu hazijatimia, unga bado uko vizuri. Umenunua 20,500, usafiri 700, imekufikia kwa 21,200. Ukimuuzia mwenye kiduka 22,500 unabaki na 1,300 kwa mfuko, na yeye akipima kila kilo kwa 1,000 anapata 25,000 yake.

Sasa chukua 200. Imekufikia kwa 20,700, umeokoa 500 kwa mfuko, jumla laki moja. Wiki ya sita umeuza 90, umebaki na 110. Hapo wateja wameanza kurudisha wanasema ugali una uchungu na hata kama tarehe haijafika hakuna atakayenunua tena. Utaishia kumuuzia mfugaji, tuseme akupe 10,000. Umepoteza 10,700 mara 110, ni milioni moja na laki moja na sabini na saba elfu. Kwa ajili ya kuokoa laki.

Ile bei ya 200 nimeiweka kwa wanaogawa kwenye maduka mengi siku hiyohiyo, wale wenye magari ya kuzungusha. Kwa duka moja hata kama ni kubwa sikushauri.

@Vwawa Mkulima tunanunua kaka, ila uzi huu ni wa unga, nimekuandikia inboksi. Yaje yakiwa yamechambuliwa, kwa ajili ya dona nakataa mahindi mengi ambayo kwa sembe ningechukua

tunduma_mpakani

Aisee huu uzi ungekuja mwaka jana ungeniokoa. Nilichukua dona kwa msagaji mmoja simtaji, mifuko 80 akaniambia miezi minne haina shida. Ilikuja mifuko ina joto, namaanisha ukiweka mkono unahisi joto kabisa nikaona hiyo ndo freshi imetoka mashineni leoleo nikafurahi. Nikaipanga imegusa ukuta maana stoo ni ndogo. Wiki ya pili tunafungua tunakuta mabonge ya kijani kwa juu na harufu kama kuku aliyelowa. Nikampigia akasema stoo yangu mbovu, mimi nikasema unga wake mbovu, mpaka leo tunanuniana

Mzee wa Ubora

Tunduma, ule ubichi wa mashineni uliokufurahisha ndio uliokuharibia. Unga unatoka kwenye mashine ya nyundo ukiwa na joto kubwa. Ukifungwa ukiwa hivyo, mvuke hauna pa kwenda, mfuko ukipoa usiku unatoa jasho kwa ndani, na jasho hilo linalowesha unga wa juu. Ndio maana mabonge ulikuta juu na sio katikati. Ukuta nao umechangia lakini ungekuwa ndio wenye makosa peke yake ungekuta ukungu upande uliogusa ukuta tu. Kwa maelezo yako mimi naona mzigo mkubwa wa lawama uko kwa aliyefunga unga wa moto.

Mwenye duka akipokea dona apitishe mkono kati ya mifuko iliyobanana katikati ya gari. Ikiwa na joto kuliko hewa ya nje, asipokee. Na apange juu ya chaga, iachie ukuta nafasi ya mkono kupita.

Nina swali kwa Kinu. Hiyo kulala usiku mmoja inalala wapi, kwenye mifuko iliyo wazi au?

Kinu Makambako

Tunautandaza kwenye meza za bati safi chumba kimefungwa, wavu madirishani, kijana anageuza mara mbili usiku. Asubuhi Makambako mnaijua baridi yake, unga unakuwa wa ubaridi kabisa. Mwezi wa sita na wa saba inapoa haraka zaidi. Kipindi cha mvua ndo kazi, hewa yenyewe ina maji, hivyo hatuuachi muda mrefu, ukishapoa tu tunafunga.

tunduma_mpakani

mzee umenipa nguvu ya kumpigia tena yule jamaa 😅 ile iliyoharibika niliwapa wafuga nguruwe bure

Mzee wa Ubora

Hapo ndugu yangu sikuungi mkono. Iliyochacha tu, yenye uchungu bila ukungu, mfugaji anaweza kuichanganya kidogokidogo. Iliyoota ukungu usimpe mnyama, inaweza kuwa na sumukuvu, na sumukuvu inaua kuku na kudhoofisha nguruwe, na ng'ombe wa maziwa akila inatokea kwenye maziwa wanayokunywa watoto. Inafukiwa.

Na kwa kuwa tumeifikia, hili ndilo swali ambalo kila mnunuzi wa jumla wa dona angepaswa kuanza nalo kabla ya bei. Sumukuvu kwenye hindi inajaa zaidi kwenye ganda na kiini. Anayekoboa sembe anaiondoa sehemu kubwa bila hata kujua, inaenda na pumba. Anayesaga dona anaipeleka yote kwenye sahani. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, sio hadithi. Kiwango kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa sumukuvu zote kwa pamoja, na 5 kwa ile aina kali ya B1. Kinu, unapima?

Kinu Makambako

Mzee umegusa penyewe. Kila gari la mahindi ya dona tunachukua vijikombe kutoka mifuko tofautitofauti, juu, kati na chini, tunachanganya tunasaga kidogo tunapima kwa vile vipimo vya haraka vya vijiti. Likizidi linarudi na mwenye mahindi ananuna. Alama ya TBS kwa dona tumeshapata, ni leseni yake sio ile ya sembe, picha ya cheti namtumia yeyote anayeagiza. Na kila bechi nabakisha nusu kilo kiwandani yenye namba na tarehe ya kusagwa, siku ukisema unga wako una shida nafungua ile ya kwangu ya bechi hiyohiyo tunalinganisha. Kama na yangu ni mbovu kosa ni langu, kama yangu nzima tunaanza kuongea habari ya stoo.

Ndo maana dona haikuwa bei ya chini sana kama wengi mnavyotegemea. Watu wanasema dona haina kukoboa kwa hiyo iwe rahisi. Gunia la kilo 100 nikinunua kwa 65,000, dona napata kama kilo 97, inanisimamia 670 kwa kilo. Sembe kwenye gunia hilo napata 76 na pumba naiuza 7,700, inanisimamia kama 754. Tofauti ni kama 84 tu kwa kilo, na sehemu yake inaliwa na kuchambua na kupima na mahindi ninayoyakataa.

Mzee wa Ubora

Vizuri. Vipimo vya vijiti vinatosha kwa kazi ya kila siku mradi sampuli ya gari imechukuliwa kama ulivyosema, maana sumukuvu haikai sawasawa, mfuko mmoja unaweza kuwa safi na wa pembeni yake ni sumu tupu. Lakini mara mojamoja peleka maabara ulinganishe.

Kuna jambo moja sikubaliani nalo, sampuli yako ya wiki tatu. Umeweka nusu kilo kwenye pakiti ya plastiki iliyobana. Mteja atanunua mfuko wa kilo 25 wa kufumwa unaopitisha hewa. Pakiti itakaa vizuri kuliko mfuko, mtu atakuja kukwambia sampuli ilikuwa nzuri mzigo mbaya.

Kinu Makambako

Hilo kweli sikulifikiria hivyo, nilifikiria kupunguza gharama. Basi tufanye hivi. Pakiti mbili za nusu kilo zinabaki bure kwa ajili ya kupika siku ya kwanza na kuonjesha wateja. Anayetaka kujaribu ukaaji nampa mfuko wa kufumwa wa kilo 5, mfuko uleule wa kitambaa cha 25 ila umeshonwa mdogo, analipia 4,500 na akiagiza mara ya kwanza nakata hiyo 4,500 kwenye oda. Anatoboa kidogo kila wiki ananusa.

Mama Jumla Mwanjelwa

Ananusa nini sasa, mi pua yangu imezoea mafuta ya taa na sabuni za stoo

Mzee wa Ubora

Dada toka nao nje ya stoo kwanza. Weka kiganja cha unga, pulizia pumzi ya moto mdomoni, nusa hapohapo. Dona nzima inanukia utamu kama hindi bichi la kuchoma kwa mbali. Ikianza kuchacha ule utamu unapotea kwanza, hainuki vibaya bado, haina harufu tu. Hapo una wiki moja mbili za kuimaliza. Ikinuka mafuta ya karanga za zamani imeshaenda. Mwisho weka unga kidogo ulimini, uchungu unakaa nyuma ya ulimi baada ya kumeza.

Mhasibu wa Shule

Habari zenu. Sisi ni shule ya bweni hapa Iringa, sio duka, lakini tunatumia tani tatu kwa muhula na mkuu wa shule ametaka tuhamie dona. Tunapewa fedha mwanzoni mwa muhula na utaratibu wetu ni kununua zote kwa pamoja ili tusije tukakosa. Je tunahesabika kama mnunuzi wa jumla, na tunaweza kupata bei ya mifuko 200 ingawa tani tatu ni mifuko 120?

Kinu Makambako

Karibu sana mhasibu. Mnahesabika. Bei ni 20,500 maana hamfiki 200, hapo sitaweza kushuka. Ila msichukue zote, mwanafunzi ataanza kula ugali mchungu mwezi wa pili wa muhula na mtasema dona mbaya. Lipeni zote sawa kama utaratibu wenu ndo huo, tuandikiane, mimi nilete mifuko 40 kila baada ya wiki nne, mara tatu. Kila safari ni tani moja kamili hivyo usafiri unabaki 700.

Mhasibu wa Shule

Kulipa mzigo ambao haujapokelewa wakaguzi watanisumbua. Nitaongea na mkuu tuone kama tunaweza kugawa malipo mara tatu. Sampuli tutahitaji mfuko wa kilo 5, na cheti cha TBS.

Bwana Stoo

Mi nauliza kurudisha mzigo. Ukiharibika kabla ya tarehe unarudisha au ndo tumeumia? Na tarehe ya mwisho kwenye mfuko umeandika lini?

Kinu Makambako

Kwenye mfuko imeandikwa miezi miwili toka kusagwa. Narudishiwa ndani ya siku 30 toka kusagwa, mfuko haujafunguliwa na namba ya bechi inasomeka, nabadilisha mfuko kwa mfuko na usafiri wa kurudi ni juu yangu. Baada ya siku 30 hapana.

Bwana Stoo

Hapo sasa ndo umejikamata mwenyewe mkuu. Unaandika miezi miwili kwa mteja, ila wewe unaiamini mwezi mmoja tu. Kama unaamini miezi miwili pokea ya miezi miwili.

Mama Jumla Mwanjelwa

Leo Bwana Stoo umeongea 👏

Kinu Makambako

Miezi miwili ni kwa unga uliokaa sehemu kavu yenye ubaridi, juu ya chaga. Stoo yangu naijua, za kwenu sizijui, nikisema napokea mpaka siku ya 60 nitapokea mifuko ya watu waliopanga chini ya bati la moto. Ila hoja nimeisikia. Naweza kufika siku 45 kwa duka ambalo nimelitembelea nikaona stoo. Zaidi ya hapo kwa kweli hapana.

Bwana Stoo

45 sio 60, bado nasema tarehe ya mfuko na ya kurudisha zinatakiwa ziwe moja

Kyela Kwetu

Na sisi wa Kyela je? Mmeongea Makambako baridi, Iringa baridi, huku stoo mchana unatoka jasho umekaa. Nina maduka matano nayagawia, dona hapa inaliwa kiasi maana watu wa wali na ndizi, ila wa vyuo na wageni wanaulizia. Nikichukua 20 zitakaa muda gani?

Mzee wa Ubora

Joto linaharakisha kuchacha, hilo halina mjadala. Kyela usitegemee ile ya Makambako hata kidogo. Mimi ningehesabu wiki mbili, tatu zikizidi sana, lakini ningejaribu kwa mfuko wa kilo 5 palepale stoo kwako kuliko kuniamini mimi.

Kinu Makambako

Kyela sijawahi kupeleka dona kwa hiyo sitakuahidi siku. Mifuko 20 kwa maduka matano ni minne kila duka, kama yanaimaliza ndani ya siku kumi njoo tufanye kazi, kama hayaimalizi chukua sembe kwangu na dona tuiache mpaka sampuli ijibu. Usafiri wa Kyela ni wako, mimi naishia Mbeya, unaweza kupokelea Uyole ukapandisha kwenye gari lako.

Sampuli za wiki hii zinasagwa Jumatano na oda ya Iringa, zinaondoka na mabasi ya Ijumaa asubuhi. Waliojiandikisha mpaka sasa ni Mama Jumla pakiti mbili na mfuko wa kilo 5, Mhasibu mfuko wa kilo 5, Kyela Kwetu mfuko wa kilo 5, tunduma_mpakani pakiti mbili. Niandikieni inboksi jina la duka, mji na stendi ya kupokelea kabla ya Jumanne jioni, atakayechelewa anaingia wiki ijayo.

tunduma_mpakani

nami niongezee mfuko wa kilo 5 mkuu, pakiti naona kama mzee alivosema hazitanipa jibu. halafu namba ya bechi iandikwe kwa muhuri sio kalamu, ile ya mwaka jana ilifutika yote njiani